Mguu wa mbuzi umeungua nje, ndani mbichi. Nimekosea wapi?

Baba Nuru
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nimekuja na aibu yangu.

Jumamosi tulikuwa na kipaimara cha binti yangu hapa Kibaha. Nikanunua mbuzi, akachinjwa saa 11 alfajiri nyumbani. Mbavu na mikono ikaenda kwenye pilau, utumbo na kichwa supu. Miguu miwili ya nyuma nikasema hii naichoma mwenyewe, maana shemeji zangu wananijua kwa maneno tu.

Mguu wa kwanza, kama kilo 2 na robo, niliupaka chumvi, saumu, tangawizi na ndimu, nikauweka jikoni saa 7 mchana. Baada ya dakika 50 nje ulikuwa mweusi kama sufuria ya msibani. Nikaukata: karibu na mfupa nyama mbichi kabisa, na ile iliyoiva ngumu, watu wanatafuna wanatazamana. Tukaishia kuukatakata na kuumalizia kwenye mafuta.

Mguu wa pili nikaamua niwe mjanja. Nikasaga nusu papai bichi, nikaupaka wote, nikauweka friji usiku mzima. Jumapili nikauchoma. Juu ukawa laini wa ajabu, unatoka kama maini yaliyopondwa, ukiingia ndani kidogo ugumu uleule. Hata mbwa wa jirani alinusa akafikiria kwanza.

Tatizo ni mbuzi, viungo, au mimi?

Mwana wa Pugu
Tatizo ni wewe mkuu 😂 Mbuzi hana kosa, alishakufa.

Mama Pacha
Pole baba. Hapo dawa ni moja tu. Mguu unauchemsha kwanza na chumvi, tangawizi na kitunguu, dakika 40 hadi saa nzima, maji yakikaribia kukauka unautoa, unaupaka viungo, unaupitisha kwenye mkaa upate rangi. Mimi nimelisha sherehe tatu hivyo, hakuna aliyelalamika.

Fundi Wavu
Baba Nuru, kabla sijasema kitu nijibu mambo matatu. Jiko lako ni la aina gani? Mkaa ulipangaje? Na wavu uko juu ya mkaa kiasi gani?

(Mama Pacha, hiyo ni supu iliyopigwa picha kwenye mkaa. Nakuheshimu lakini.)

Baba Nuru
Jiko ni nusu pipa, yale yaliyokatwa katikati. Mkaa nilimwaga nusu gunia dogo, ukajaa chini kote. Wavu uko kama vidole vinne juu ya mkaa. Niliwasha kwa mafuta ya taa kidogo, moto ukashika haraka, nikaweka nyama.

Njoro wa Kaji
Ndugu zetu wa bara huko, shida yenu ni viungo vingi. Huku Kajiado mbuzi choma ni chumvi pekee. Hakuna saumu, hakuna papai, hakuna ndimu. Ukiona mtu anapaka papai jua mbuzi wake alikuwa babu. Na damu ikitoka ujue haijaiva, ikikoma imeiva. Simple.

Mwana wa Pugu
Njoro umekuja na "simple" tena.

Fundi Wavu
Haya nimepata nilichotaka. Nimechoma miaka 19, kabla ya hapo nilikata nyama buchani, kwa hiyo nitaanza na bucha ndipo nije kwenye moto.

Mbuzi wako alichinjwa saa 11 alfajiri, ukamchoma saa 7 mchana. Yaani saa nane. Nyama ya mnyama aliyechinjwa sasa hivi ni laini, inachezacheza. Saa chache baadaye inakakamaa, mguu ukiushika haukunji, umekuwa gongo. Ukakamavu huo unaanza kulegea polepole, na kwa mbuzi nampa mpaka kesho yake, siku mbili ni bora zaidi kama una friji. Wewe ulichoma katikati ya ukakamavu. Wamasai kule porini wakichinja wanachoma papo hapo kabla haijakaza, na inalika. Ama mara moja, ama kesho. Wewe ulichagua katikati.

Moto sasa. Mguu wa kilo 2 na robo, sehemu nene ina kama sentimita 9 au 10. Joto linaingia kwenye nyama polepole mno, na huwezi kulilazimisha kwa kuongeza moto. Ukiongeza unaunguza ngozi ya juu tu, huku mfupani hakuna habari. Kwa hiyo mguu hauchomwi juu ya mkaa. Unachomwa *kando* ya mkaa.

Sukuma mkaa wote upande mmoja wa pipa, uchukue kama theluthi moja. Sehemu iliyobaki iwe tupu kabisa. Nyama ikae upande mtupu, ule mwisho mnene ndio uelekee moto. Mafuta yakidondoka yanadondokea kwenye chuma, hayashiki moto, hayakuletei masizi. Ule weusi wako mwingi haukuwa wa kuiva, yalikuwa masizi ya mafuta yanayowaka na hayo mafuta ya taa.

Na mkaa usiwekewe nyama mpaka umevaa majivu meupe kote. Dakika 25 hadi 30 kwa mkaa mgumu. Ukiona bado mweusi mweusi na moshi mzito, kaa chini unywe soda.

Baba Nuru
Sawa mkuu, ila nitajuaje moto wa kando unatosha? Sina kifaa cha kupima.

Fundi Wavu
Kiganja chako. Kishike usawa ambao nyama itakaa, uhesabu kwa utulivu "elfu moja, elfu mbili". Ukitoa mkono kwenye mbili au tatu, huo ni moto wa mishkaki na steki nyembamba. Ukifika tano sita, ni wa wastani. Kwa mguu nataka ufike nane, hata tisa, ndipo useme basi. Ukiweza kukaa mpaka kumi na tano unaota moto, huchomi.

Ukipoa usitupie mkaa mbichi chini ya nyama. Kuwa na jiko jingine dogo pembeni unawashia mkaa mpya, kila baada ya dakika 40 hivi unahamisha makaa mekundu kwa koleo. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanamwaga mkaa mweusi, moto unazimika robo saa, moshi unajaa kwenye nyama, halafu unawaka wote kwa mpigo.

Bint Maskati
Assalaam aleikum. Sisi huku Oman mguu wa mbuzi hatuhangaiki hivyo. Unaupaka bizari zote na siki na saumu, unaufunga kwenye majani ya mgomba, unauzika kwenye shimo lenye makaa, siku moja au mbili, mnafukua Idi. Shuwa. Nyama inajiachia mfupani yenyewe. Kaka Kibaha chimba shimo.

Baba Nuru
Waaleikum salaam dada. Nimepanga nyumba, mwenye nyumba akinikuta nachimba shimo la kuzika mbuzi nitaelezea nini 😂

Kijana Msosi
Kwa wenye pipa lisilo na mfuniko: chukua bati la kuezekea, funika juu, joto linabaki ndani. Mimi ndivyo nafanya, mguu unaiva kwa nusu ya muda.

Fundi Wavu
Bint Maskati, shuwa nimeila, naipigia saluti, ila hiyo ni nyama ya kufunikwa kwenye mvuke wake. Aliyeuliza anataka kuchoma.

Kijana, kufunika ni sahihi, umeokoa hata mkaa. Ila bati la kuezekea hapana. Limepakwa zinki na mengine yana rangi, likikaa karibu na makaa mipako hiyo inaungua, na moshi wake haufai kuvuta wala kuingia kwenye chakula. Tumia sufuria kubwa kuukuu, ile ya shughuli, igeuze kifudifudi juu ya nyama. Acha upenyo wa vidole viwili upande mmoja hewa ipite.

Afisa Mifugo Mstaafu
Nimesoma tangu mwanzo. Fundi kasema vizuri kuhusu ukakamavu. Niongeze jambo moja ambalo naliona kila sikukuu: watu wanachinja, nyama bado ya moto, wanaitupa moja kwa moja kwenye friza. Nyama ikipozwa ghafla kabla haijakakamaa, misuli inajikunja kwa nguvu na kubaki imejikunja. Hata uichome wiki ijayo itakuwa ngumu. Ining'inize mahali penye kivuli na hewa kwa saa chache, ndipo iingie kwenye friji ya kawaida, friza baadaye.

Pili, Baba Nuru, umesema mbuzi alichinjwa nyumbani. Alikaguliwa? Moto wa choma unaua vijidudu vingi, lakini mbuzi aliyekufa kwa kimeta hasafishwi na mkaa. Mbegu za kimeta zinastahimili joto hilo, na hata anayechuna anaambukizwa. Ukipata mnyama aliyekufa ghafla, damu inatoka puani na haigandi, usimguse, toa taarifa.

Baba Nuru
Alikuwa mzima mzee wangu, alimpiga pembe kijana wa kuchinja. Ila kukaguliwa, hapana. Nimekusikia.

Njoro wa Kaji
Mzee, na hiyo ya damu niliyosema? Niko sawa ama?

Afisa Mifugo Mstaafu
Nusu, kijana wangu. Mnyama aliyechinjwa vizuri damu karibu yote imetoka siku ileile. Yale maji mekundu kwenye nyama ni maji ya misuli yenye rangi yake. Rangi hiyo inafifia joto linapopanda, kwa hiyo inakupa fununu. Lakini karibu na mfupa wekundu unachelewa kuondoka hata nyama ikiwa imeiva, na upande mwingine nyama iliyokaa muda mrefu hubadilika kuwa kahawia mapema kabla haijafika joto salama. Rangi peke yake imeshadanganya wengi.

Kipande kizima cha ng'ombe au mbuzi, joto salama ni digrii 63 katikati, kisha kipumzike angalau dakika 3. Vijidudu kwa kawaida viko juu ya nyama, ndani ya kipande kizima ni vichache. Kababu na nyama yoyote ya kusaga ni habari nyingine, kwa sababu cha juu kimechanganywa na cha ndani. Hiyo ni digrii 71 na hakuna mjadala wa "nusu iva".

Mwana wa Pugu
Themometa za nyama hizo zipo? Au ni zile za kwapani?

Afisa Mifugo Mstaafu
Ya kwapani iache kwapani, inaishia digrii 42. Zipo za sindano, maduka ya vifaa vya kuokea keki huwa nazo.

Fundi Wavu
Nami nina yangu ya bure. Chukua kijiti cha chuma cha mshikaki, kizamishe pale panene mpaka kiguse mfupa, hesabu hadi kumi, kitoe, ncha yake igusishe chini ya mdomo. Ikiwa baridi, rudi kwenye kiti. Ikiwa vuguvugu, bado. Ikikufanya urudishe kichwa nyuma, imeiva. Mzee atasema si kipimo, lakini kwa mguu naenda mbali zaidi ya 63 yake, kwa hiyo sikosei kwa digrii tano.

Na hapa naomba mnielewe. Salama na laini si kitu kimoja. Sarara ya ng'ombe ukiifikisha 63 iko salama na ina maji yake, ukiendelea unaikausha. Mguu wa mbuzi ukiufikisha 63 uko salama ila unapigana na meno, kwa sababu umejaa nyuzinyuzi na mishipa inayotaka joto zaidi na muda mrefu ili ilegee. Mimi namlenga 75 hadi 80 pale mfupani, polepole. Ukifika hapo kwa moto mkali umekauka. Ukifika kwa saa mbili umelegea.

Dada wa Mineapoli
Swali kidogo la pembeni. Mimi niko Marekani, nachoma sarara na mishkaki ya ng'ombe kibarazani wakati wa kiangazi. Nalowesha kwenye ndimu na mtindi tangu usiku, inakuwa laini lakini kavu kama chaki. Ni moto au ndimu?

Fundi Wavu
Ndimu. Uchachu unaipika nyama bila moto, unaikamua maji. Na hauingii ndani, ni milimita chache tu juu. Ndimu kwenye mishkaki ni saa moja, mbili mwisho. Mtindi peke yake ni mpole, unaweza kulala nao. Chumvi ndiyo pekee inayozama kweli. Mwanzoni utaona inatoa maji juu ya nyama, ukichoma muda huo nyama inachemka badala ya kuchomeka. Ipe dakika 40 maji yarudi ndani, au ipake ukichoma hapohapo. Kwa mguu mzima ipake jioni ya kuamkia, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kilo.

Papai sasa, maana Baba Nuru hajajibiwa. Utomvu wa papai bichi unameng'enya nyama. Kadiri nyama inavyopata joto jikoni ndivyo unavyofanya kazi kwa kasi, mpaka moto uuzime. Wewe uliupa usiku mzima, halafu ukaupa moto wa polepole. Juu umekuwa uji, ndani haukufika kabisa. Papai ni la mishkaki ya nyama ngumu: kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, nusu saa hadi saa moja, basi. Kwenye mguu sitii.

Mama Pacha
Na maji ya kuloweshea msirudishe kwenye nyama ikiwa inaiva jamani. Nimeona mtu anachovya brashi kwenye bakuli la nyama mbichi anapaka iliyoiva. Na ubao uleule wa nyama mbichi anakatia kachumbari. Tumbo likichafuka analaumu pilipili.

Afisa Mifugo Mstaafu
Mama umenena. Na isikae mezani inaloweka kwenye joto la huku. Saa mbili ndio mwisho, siku za joto la digrii 32 na kuendelea saa moja. Inaloweka ndani ya friji.

Baba Nuru
Nimeandika yote kwenye daftari. Jumamosi ijayo narudi uwanjani. Nitaleta mrejesho.

Baba Nuru
MREJESHO.

Safari hii nilinunua mguu buchani, nyama ya tangu jana yake, una muhuri. Kilo 2 na gramu 100. Ijumaa jioni chumvi vijiko vitatu vya chai pamoja na saumu, ndani ya friji. Jumamosi nikautoa saa nzima kabla.

Mkaa niliwasha saa 5 na robo asubuhi kwa karatasi na vijiti. Saa 5 na dakika 45 ukawa mweupe, nikausukuma upande wa kushoto. Mkono wangu ukafika nane. Mguu kulia, sufuria ya shughuli juu. Nikageuza kila dakika 20. Dakika ya 40 nikaongeza makaa kutoka jiko dogo, nikaongeza tena saa 1 na nusu ilipofika.

Saa moja ya kwanza nilitaka kulia, nyama imepauka tu, shemeji anauliza kama nimeiwasha. Nikavumilia. Saa 1 na dakika 30 kijiti kikawa vuguvugu. Saa 2 kamili nikaruka. Nikatoa sufuria, nikausogeza juu ya makaa dakika nane nikigeuzageuza mpaka ukapata rangi ya asali iliyokoza. Nikauweka kwenye ubao dakika 15 bila kuukata, hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kote.

Nilipokata, maji yakabaki kwenye nyama. Karibu na mfupa palikuwa na uwaridi kidogo, nikachomeka kijiti tena, moto. Shemeji amekula, amenyamaza.

Ila kuna kitu. Ule mwisho mwembamba wa kuelekea kwato umekauka, mgumu kama ukanda wa viatu. Nimekosea wapi hapo?

Fundi Wavu
Hongera. Hujakosea sana, pale ni pembamba, panafika 80 wakati paja liko 50. Uelekeze mbali kabisa na makaa, ikifika saa ya kwanza ufunge karatasi ya foili. Wengine wanapakata mapema na kupeleka kwenye supu. Mimi huwa nampa mchomaji, yaani mimi, apagugune akisubiri.

Mama Pacha
Saa mbili na dakika nane kwa mguu mmoja. Mimi wangu kwa muda huo nimeshakula na kuosha vyombo.

Njoro wa Kaji
Mama, lakini ulichemsha. Hiyo si choma.

Mama Pacha
Waulize waliokula.